"Nisamehe kama kuna mahali nimekukosea": kwa nini barua hii usiitume

*Mama mshauri, shikamoo. Mke wangu yuko kwa wazazi wake, hii ni wiki ya sita. Nilimpa kaka yangu sehemu kubwa ya akiba yetu bila kumwambia, akaja kugundua mwenyewe kwenye taarifa ya benki baada ya miezi minne. Aliniuliza "Tangu lini?" mara tatu, mimi nikawa namwambia fedha zitarudi. Mwisho nikamwambia fedha nimezitafuta mimi, na kama hapamfai kwao anakujua. Kesho yake akaondoka na mtoto mdogo. Mkubwa nimebaki naye kwa sababu ya shule. Meseji zangu anazisoma, hajibu. Nimeandika barua hii, je, niitume?*

*"Mke wangu mpenzi, nisamehe kama kuna mahali nimekukosea. Shetani alipita kati yetu, tukakosana, maneno yakanitoka. Lakini na wewe ungeniuliza taratibu. Mtoto anakulilia kila usiku. Naomba urudi kabla ya mwisho wa mwezi tuyamalize. Siwezi kuishi bila wewe."*

*Na je, niwaandikie wazazi wake, au baba yangu ndiye aende?*

Marahaba, mwanangu. Usiitume hiyo barua, na baba yako mwombe asubiri kwanza.

Majuto unayo, nayaona. Lakini mkeo hatayaona majuto yako, ataona maneno. Atayasoma usiku mtoto akishalala, atayarudia mara ya pili na ya tatu, na kila mara atatafuta kitu kimoja tu: kama umeelewa kwa nini aliondoka. Kwa barua hii hatakipata.

Chukua kalamu upigie mstari kila kitenzi kwenye sentensi zako mbili za kwanza, kisha ujiulize aliyetenda ni nani. "Shetani alipita": aliyetenda ni shetani. "Tukakosana": mmetenda nyote wawili. "Maneno yakanitoka": yametenda maneno yenyewe, wewe ulikuwa mlango tu. Mahali pekee ambapo wewe ndiye uliyetenda ni kwenye "nimekukosea", na hapo umetanguliza "kama kuna mahali". Yaani mpaka leo, wiki ya sita, bado hujajua kama mahali hapo papo.

Lugha yetu ina njia nyingi za kumkwepesha mtu asiyetaka kusema "nilifanya". Fedha "zilitumika". Uaminifu "umevunjika", badala ya "nimeuvunja". Na ile "-ana" ndogo ya mwisho wa kitenzi ndiyo inayoharibu barua nyingi kuliko zote ninazoletewa, kwa sababu inagawa kosa nusu kwa nusu bila mwandishi kuhisi. "Tulikosana" na "nilikukosea" ni habari mbili tofauti kabisa. Mama mmoja aliwahi kuniletea barua ya mumewe, amekunja karatasi mpaka imelegea, kidole kimesimama kwenye neno hilo hilo. Akaniuliza: "Tulikosana? Mimi nilimkosea nini?" Barua ilikuwa ya kurasa tatu, na mengine yote yaliyoandikwa humo hakuyakumbuka.

Sasa ya kwako iandike hivi, kwenye karatasi ya pembeni, usiipambe: Nilichukua akiba yetu nikampa kaka bila kukuuliza. Nilikuficha miezi minne. Uliponiuliza, sikukujibu. Kisha nikakwambia kwenu unakujua.

Sentensi nne, na katika kila moja aliyetenda ni wewe. Ukiziandika mkono utakuwa mzito, na utatamani kuongeza "kwa sababu" baada ya kila moja. Usiongeze. Hizo nne ndizo barua yenyewe, na mengine yote yanazisindikiza tu.

Hili si la uzoefu wangu peke yake. Mwaka 2016 mtafiti wa Marekani Roy Lewicki na wenzake wawili walichapisha utafiti uliohusisha watu 755, waliopewa maombi ya radhi yaliyoundwa kwa vipande mbalimbali wakaeleza ni lipi linalowaridhisha. Haukuwa utafiti wa ndoa, mfano wao ulikuwa wa kazini, lakini mpangilio uliotoka unafanana na ninachokiona mezani kwangu. Kipande kilichobeba uzito kuliko vyote ni mtu kukiri kwamba kosa ni lake. Cha pili ni kueleza atakavyolitengeneza. Vikafuata kusikitika, kueleza ilivyokuwa na kuahidi kutorudia. Cha mwisho kabisa kilikuwa kuomba kusamehewa. Wewe barua yako umeianza na hicho cha mwisho, na kile cha kwanza hukukiandika kabisa.

Twende kwenye "Tangu lini?", kwa sababu nadhani jambo lako zima liko hapo. Mkeo aliuliza swali moja mara tatu. Hakuuliza kiasi gani, wala hakuuliza zitarudi lini. Wewe ukamjibu habari za fedha, kwa kuwa uliamini kilichomuuma ni fedha. Mtu anayeuliza "tangu lini" anahesabu siku. Anarudi nyuma kwenye miezi ile minne, siku moja baada ya nyingine: siku ile tulipokuwa tunacheka, alikuwa anajua? Siku nilipomwambia tuongeze kidogo kwenye akiba akaitikia, fedha zilikuwa zimeshatoka? Usipomjibu, miezi yote minne inageuka kuwa uongo mtupu kichwani mwake, pamoja na siku ambazo ulikuwa mkweli. Ndiyo maana barua yako inatakiwa ianze na jibu la swali hilo: siku uliyoombwa, siku uliyotoa, usiku uliotaka kusema ukashindwa, na mara ngapi baada ya hapo ulipata nafasi ya kusema ukanyamaza. Kama mara moja ulimdanganya kwa mdomo, liandike na hilo, kwa sababu akija kulijua baadaye kwa njia nyingine hakuna barua ya pili itakayosomwa.

Hapa watu huniuliza tofauti ya kueleza na kujitetea iko wapi. Ipime hivi. Maelezo yanamfanya msomaji aone jinsi kosa lilivyotendeka, na yakimalizika kosa linabaki na ukubwa wake. Utetezi ukimalizika, kosa limepungua. "Niliogopa utakataa, nikanyamaza" ni maelezo. "Ningekwambia ungekataa, unajua ulivyo" ni utetezi, ingawa habari iliyomo ni ile ile. Na "lakini na wewe ungeniuliza taratibu" ni zaidi ya utetezi, ni mashtaka. Inawezekana kweli alikuuliza kwa ukali na ukaumia. Liandike kwenye karatasi nyingine uliweke, litakuja kuzungumzwa mkiwa mmekaa wawili, tena likipata nafasi yake. Ndani ya barua hii sentensi hiyo moja itazila zile nne zote.

Kisha matengenezo. "Nitabadilika" haimsaidii, hana namna ya kuihakiki akiwa huko. Kinachomsaidia ni kitu kilichokwisha kufanyika ambacho anaweza kukishika mkononi. Kwa kosa lako naona viwili. Cha kwanza ni taarifa kamili ya akaunti, kuanzia mwezi mmoja kabla hujampa kaka yako mpaka wiki hii, bila ukurasa kukosekana. Hiyo inajibu "tangu lini" kwa namna ambayo mdomo wako kwa sasa hauwezi. Cha pili ni karatasi iliyosainiwa na kaka yako, yenye kiasi alichochukua na tarehe za kurudisha. Kumkabili kaka ni kugumu, najua, na pengine ndiyo sababu ya kimya chako tangu mwanzo. Basi anza hapo, kabla hujaandika barua. Kama kaka hana cha kurudisha, andika ukweli huo huo. Usimpe mkeo ratiba ambayo wewe mwenyewe huiamini.

Angalia tu usiseme "ukirudi nitafanya". Jambo linalosubiri yeye arudi ni bei, na mkeo ataisoma kama bei. Sema "nimefanya", kisha utamke wazi kwamba limefanyika arudi asirudi.

Sentensi ya mtoto iondoe. Najua ni kweli, mtoto analia. Lakini mama yake anajua kuwa analia, hahitaji kuambiwa, na ukiliweka kwenye barua ya suluhu unamwambia kwamba machozi hayo ni kosa lake. Habari za mtoto zipitishe njia yake ya kawaida, kila siku, bila kuzifunga kwenye kurudi: ameamkaje, shule imekwendaje, simu hii hapa ongea na mama. Na barua usimpe mtoto aipeleke, wala usimfundishe cha kusema kwenye simu. "Siwezi kuishi bila wewe" nayo iondoe. Hiyo ni habari ya shida yako, na anayeisoma ana ya kwake mbele yake.

"Kabla ya mwisho wa mwezi" ndiyo iliyonisikitisha zaidi, mwanangu, kwa sababu umemwekea tarehe mtu uliyemfukuza. Barua ya kwanza isiombe arudi. Iombe kitu kidogo ambacho anaweza kukikubali bila kupoteza chochote, kama vile mazungumzo siku atakayokuwa tayari, mahali atakapochagua, na mtu wa kukaa nanyi atakayemtaka yeye. Ukiomba kidogo, anaweza kujibu ndiyo kwa kidogo hicho. Ukiomba arudi, jibu linalobaki ni moja kati ya mawili, na kwa hali ilivyo sasa utapata hapana.

Kabla sijakupa mfano, kuna jambo hukuligusa nami sitalipita. Kama usiku ule ulimpiga, au ulimtisha, au ulimzuia mlangoni, usiandike barua hii. Mtu aliyekimbilia usalama hahitaji maneno mazuri ya kumtoa mahali palipo salama, na barua tamu kwa wakati huo inaweza kumrudisha kwenye hatari. Hapo kazi ni ya kwako peke yako kwanza, pamoja na mtu mwenye ujuzi wa mambo hayo, na yeye aachwe alipo. Vilevile kama amekwambia waziwazi usimtafute, heshimu hilo. Ukimya wake wa kutojibu meseji sio hilo; ni mtu ambaye hajapata meseji yenye jibu la swali lake.

Kama hayo hayapo, barua yako inaweza kuwa hivi. Mambo ambayo hukuniambia nimeyabuni, ng'oa uweke ukweli wako, na lugha iwe ile mnayozungumza nyumbani.

*Mke wangu,*

*Uliniuliza tangu lini, mara tatu, na sikukujibu. Kaka aliniomba zile fedha Jumapili aliyokuja nyumbani, wewe ukiwa kazini. Nilimpa Jumanne iliyofuata. Usiku ule nilitaka kukwambia, nikaogopa utakataa, nikanyamaza. Mwezi ulipopita nikaona aibu ya kuwa nimenyamaza mwezi mzima, nikaendelea. Mara mbili ulizungumzia mipango yetu ya hizo fedha, nami nikaitikia kama vile bado zipo. Huko kulikuwa kukudanganya.*

*Akiba ile ilikuwa yetu, mimi niliichukua kama yangu. Ulipogundua nilikwambia fedha nimezitafuta mimi, na kwamba kwenu unakujua. Maneno hayo niliyasema mimi, na wakati nayasema nilijua yatakuumiza. Nilikufanya mgeni ndani ya nyumba yako mwenyewe.*

*Ndani ya bahasha hii kuna taarifa ya akaunti, tangu mwezi mmoja kabla sijampa kaka mpaka wiki hii. Kuna pia karatasi aliyosaini kaka, yenye kiasi na tarehe za kurudisha. Tarehe ya kwanza imeshapita na amelipa, utaona kwenye taarifa. Haya nimeyafanya urudi usirudi.*

*Sikuombi urudi kwa barua hii. Siku ukiwa tayari kuzungumza, mahali uchague wewe, na kama utataka mtu akae nasi, umchague wewe. Ikiwa bado, nitaelewa, na niliyoandika hapa yanabaki kuwa kweli.*

*Mume wako*

Unaona ni fupi. Ukurasa mmoja kwa mkono, labda na robo ya wa pili. "Nakupenda" sikuiweka makusudi. Kama ni neno mnaloambiana siku zote, litie mwishoni, mara moja tu. Kama miaka imepita hujalitamka, liache, kwa sababu likitokea leo litasikika kama kitu ulichokinunua kwa ajili ya shughuli hii. Jina unalomwita nyumbani liweke juu badala ya "mke wangu", kama lipo.

Iandike kwa mkono, kwenye karatasi. Meseji zako zimeshakuwa mlolongo mmoja na ule ugomvi, akifungua simu anayaona yote kwa pamoja, na wewe huku unakesha kuangalia kama amesoma. Karatasi haikuonyeshi chochote, na hilo ni jema kwenu wote wawili. Ukishaiandika iache siku mbili, kisha uisome kwa sauti ukiwa peke yako. Mahali ambapo sauti yako inapanda, au unapojisikia umeshinda hoja, hapo pana sentensi ya kuondoa.

Isome pia mara moja ukijifanya wewe ni baba mkwe. Barua inayoingia kwenye nyumba ya wazazi inaweza kufunguliwa na mwingine, au mkeo mwenyewe akaamua kumsomea mama yake. Kwa hiyo mambo ya chumbani yasiwemo, madhaifu yake yasiwemo, na usilalamike popote kwamba wazazi wamemshikilia. Hata kama unaamini wamemshikilia. Iingie kwenye bahasha iliyofungwa, yenye jina lake, ipelekwe na mtu ambaye atamkabidhi mkononi akaondoka bila kuuliza "nimwambieje?" Usiipeleke mwenyewe ukasimama mlangoni. Ukisimama pale, umedai jibu.

Wazazi wake nao wanastahili neno, kwa sababu ulimwambia mtoto wao arudi kwao na wao ndio waliompokea. Lakini usiwaandikie barua ya kumwombea arudi. Wapigie simu, uwaamkie, useme kosa ni lako, uwashukuru kwa kuwatunza mkeo na mtoto, uwaambie umemwandikia yeye na kwamba hutaki ashurutishwe kujibu. Dakika tano zinatosha. Wakikuuliza kilichotokea, wajibu kwa zile sentensi nne. Wakikusema, sikiliza mpaka wamalize.

Baba yako akienda sasa, mkeo atajikuta anazungumza na mzee ambaye heshima inamkataza kumjibu, na jambo la miezi minne litamalizwa kwa saa moja bila "tangu lini" kutajwa. Nimeona wake wakirudi kwa njia hiyo. Walirudi na swali lao, na swali likawa linaamka kila taarifa ya benki ikifika. Wazee wana nafasi yao, ila waingie baada ya mkeo kusema anawataka.

Ukishatuma, meseji za kumsihi ziishe siku hiyo hiyo. Zibaki habari za watoto tu. Usiulize kama bahasha imefika. Usitume barua ya pili kufafanua ya kwanza. Wiki mbili, tatu, zinaweza kupita kimya, na kimya hicho ni tofauti na cha mwanzo: sasa ana makaratasi mbele yake, anapitia taarifa ile mstari kwa mstari akilinganisha tarehe na kumbukumbu zake. Mpe muda wa kufanya hesabu hiyo. Tarehe za kaka yako zikifika, hakikisha malipo yanaingia kweli. Siku moja ikipita bila malipo, mwambie wewe kabla hajaiona.

Jibu la kwanza likija linaweza kuwa kali. Anaweza kukuandikia mambo mengine ya miaka ya nyuma ambayo hukudhani anayakumbuka. Usikimbilie kuyajibu moja moja. Mwandikie kwamba umeyasoma yote na ungependa kuyasikia kwa mdomo wake siku atakayochagua. Inawezekana pia akajibu kwamba harudi. Barua njema haimlazimishi mtu, na hata hapo bado mna watoto wawili wa kulea pamoja, na yale uliyomkiri yatawasaidia kuongea bila kurushiana maneno.

Au litakuja neno moja tu kwenye simu: "Nimeisoma." Hapo vidole vitakuwasha. Mwandikie "Asante kwa kuisoma", kisha uweke simu chini.